Jibu Lililokuwa Chini ya Feni

Ninayoyasema hapa ni ya kweli. Pale nitakapozidisha chumvi mtaionja wenyewe, ulimi mnao.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, mtaa mzima unamwita Masikio. Jina hilo nilimpa mimi akiwa bado mchanga wa kubebwa mikono miwili. Alianza kulia bila sababu, mama yake akasema njaa, shangazi yake akasema tumbo. Mimi nikasogeza kabati. Nyuma yake palikuwa na sisimizi wawili wanagombana. Mama yake anasema hata leo kwamba walikuwa wanasalimiana tu, lakini yeye hajui kitu, hakuwasikia.

Sasa Masikio ni mwanamke mzima na ni fundi wa sauti. Karakana yake ni chumba changu cha nyuma. Kuta amezitundika mablanketi, mlango ameuegemeza godoro ili kelele za nje zisiingie, na dirisha ameliziba kwa zulia kuukuu. Siku ya kwanza majirani walipoona godoro linaingia na mablanketi yanaingia, walikuja kunipa pole wakidhani nina mgonjwa. Niliipokea pole, na matunda waliyokuja nayo nikayapokea pia.

Kilichobaki na kelele ni feni ya darini, kwa sababu bila feni mgeni angeiva mle ndani kama andazi.

Kazi yenyewe aliifanya na rafiki yake. Walikaa dawati moja tangu shule ya msingi, wakavaa sare za mkopo, wakapokezana kiatu kimoja kizuri. Rafiki huyo tulimwita Mnong'ono. Ana sauti ndogo, jamani, sijapata kuona. Akikuambia nyumba yako inaungua, unamwuliza mara tatu, na ukija kumwelewa umebaki na uwanja. Lakini alikuwa na kipaji. Alikuwa akiuliza swali kwa upole, anainamisha shingo, ananyamaza, na mtu anajikuta anamwaga kila kitu. Watu wa maneno mengi wanapenda sana mtu asiyeshindana nao.

Basi wawili hao walianzisha kipindi. Kila wiki walimwita mtu mmoja mwenye kazi yake: mkunga, mchimba visima, mwendesha winchi, mtengeneza meno. Mnong'ono anauliza, Masikio anarekodi, kisha redio ndogo ya mtaa inakitoa hewani. Watu walikipenda. Mimi mwenyewe nilisimamishwa sokoni na mtu nisiyemjua akaniambia, "Bibi, yule dada ana sauti nzuri, utafikiri ameketi mkabala nawe."

Ameketi mkabala nawe, ndiyo. Aliyemketisha ni mjukuu wangu.

Maana walikuwa na maiki moja tu. Sauti zote mbili ziliingia mlango mmoja na kulala kitanda kimoja. Nilimwuliza siku moja shida iko wapi, akanionyesha kwenye kompyuta. Niliona mstari unaopanda na kushuka. Mgeni anapoongea mstari unakuwa milima. Mnong'ono anapouliza unakuwa nyasi zilizokatwa juzi.

"Si uongeze tu sauti?" nikamwambia.

"Nikiongeza yote, Bibi, milima nayo inapanda. Msikilizaji ataongeza redio amsikie Mnong'ono, mgeni akijibu anamrusha kwenye kiti."

"Basi punguza."

"Nikipunguza yote, nyasi zinazama."

Kwa hiyo alikuwa anafanya hivi. Anaikata rekodi kila mahali ambapo msemaji anabadilika. Vipande vya mgeni anavishusha, vipande vya Mnong'ono anavipandisha, kila kimoja kwa kipimo chake, kwa sababu hata mtu mmoja haongei sawa mwanzo hadi mwisho. Halafu kuna kitu mle ndani ya kompyuta kinachobana sauti kidogo inaporuka ghafla, mtu akicheka au akipiga meza. Lakini hicho, alisema, ni chumvi ya mwisho, si mboga yenyewe. Ukikitegemea hicho peke yake, sauti inaanza kuhema kama mbwa aliyekimbizwa.

Na kuna balaa jingine. Ukimpandisha Mnong'ono unaipandisha na feni. Akiuliza swali feni inavuma, akinyamaza feni inanyamaza, na msikilizaji anadhani kuna mtu anachezea swichi. Ndiyo maana kila baada ya mahojiano Masikio alikuwa na desturi yake. Anasema, "Sasa kaeni kimya, narekodi chumba." Watu wote wanatulia, kinasa sauti kinaendelea, kinameza ukimya wa chumba na feni yake. Ukimya huo anautumia baadaye, kompyuta ijifunze feni inavyovuma ili iipunguze, na vipande vingine anazibia mapengo. Wageni walikuwa wanacheka. Anarekodi chumba, chumba kitasema nini?

Sasa akaja Tarumbeta.

Huyu ni mwenye redio kubwa, ile ya jengo la vioo. Mnong'ono ndiye aliyempata, akaja mbio kutuambia. "Akikubali kipindi chetu," alisema, "kinatoka kwake. Nchi nzima, Bibi!" Masikio alimkumbatia, wakarukaruka kama walivyoruka siku ya matokeo ya mtihani. Kipindi chetu. Neno hilo lilisemwa jikoni kwangu, mbele ya sufuria zangu.

Tarumbeta alipoingia, kuku wa jirani walitaga kabla ya wakati. Akanisalimia, "Shikamoo Bibi!" na meno yangu ya bandia yakaitikia kabla yangu. Ni mtu mkubwa, mchangamfu, hawezi kuomba maji bila kutoa hotuba.

Masikio alimpima kwanza. Akamwambia, "Bosi, hebu cheka kama unavyocheka kwako." Akacheka. Masikio akashusha kipimo cha kinasa sauti, akamchekesha tena, akakishusha tena. Alinieleza kwamba sauti ikigonga dari la kinasa vilele vinakatika, na kilichokatika hakiungiki. Ukiipunguza baadaye unapata tu sauti iliyopasuka inayopasukia mbali. Afadhali kuweka chini kwa ajili ya mwenye kelele, kisha ukampandisha mpole. Maiki akaisogeza karibu kabisa na kidevu cha Mnong'ono, mgongo wa maiki ukamwelekea Tarumbeta. Hata hivyo sindano ya kupimia sauti ilikuwa inamkimbia Mnong'ono na kumrukia yeye.

Mahojiano yalikwenda vizuri. Masikio akasema maneno yake ya siku zote, "Kaeni kimya, narekodi chumba." Mara fundi wa kuchomelea geti, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akaanza kugonga chuma. Masikio akavua hedfoni, akatoka mbio kwenda kumwomba asubiri. Nikiwa jikoni nilimsikia mlangoni kwake.

"Kaka, naomba dakika tu!"

"Bibi yako anasemaje?"

"Anasema ukigonga tena anakuja mwenyewe."

Nyundo ikanyamaza. Jirani huyo ananiogopa tangu nilipomwambia kwamba nilishawahi kuolewa na fundi chuma nikamkunja.

Masikio alichelewa kidogo kurudi kwa sababu alisimama nje, anasubiri chumba kipate ukimya wake. Kinasa sauti kilikuwa kinaendelea. Mnong'ono alijua kinaendelea, alishasikia maneno yale kila wiki. Lakini nafikiri mtu akizoea jambo sana halisikii tena.

Kesho yake mchana nilikuwa nimekaa kitandani mle karakana nachambua mchele. Masikio alishashusha milima, alishapandisha nyasi, ameridhika, anaimba. Akafika kwenye chumba. Nikamwona ameacha kuimba.

"Bibi, njoo usikilize."

Akanivisha hedfoni. Nilisikia feni. Halafu nikamsikia Tarumbeta. Alikuwa ananong'ona, maskini, lakini mnong'ono wa Tarumbeta ni mazungumzo ya watu wa kawaida. Alisema, kila neno linasikika:

"Kipindi nakitaka. Lakini njoo peke yako. Huyo fundi muache, kwangu kompyuta inasawazisha yenyewe, unabonyeza tu. Unasemaje?"

Kisha feni. Feni tu.

Nikavua. "Amejibu nini?"

"Sijui," akasema. "Yuko chini ya feni."

Aliuweka mkono juu ya kipanya asikisogeze. Jibu lilikuwa pale. Kwenye kompyuta tuliliona, kijinyasi kidogo, mstari umevimba kama kuna mdudu chini ya shuka. Na hakuna mtu chini ya jua aliyejua kulipandisha jibu lile isipokuwa yeye.

"Liache," nikamwambia. "Pengine amemkatalia. Lifute, ule chakula."

"Kama amemkatalia nataka nisikie akimkatalia mtu kwa ajili yangu."

"Na kama hajakataa?"

Alikikata kipande kile peke yake, akakipandisha. Tukasikia mvua kubwa, ndiyo feni hiyo. Akachukua kipande kingine chenye feni tupu, akaifunza kompyuta kwamba hii ndiyo feni, iipunguze. Mvua ikawa manyunyu. Akaipunguza zaidi, sauti ikaanza kusikika kama mtu anayeongea ndani ya chupa, akairudisha nyuma kidogo. Halafu akapandisha tena. Alifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi zote nilizowahi kumwona anazifanya, anashika pumzi, na mimi nimeshika ungo.

Mnong'ono akatoka kwenye manyunyu, safi kabisa, utafikiri ameketi mkabala nasi.

"Nitakuja. Ila usimwambie mpaka amalize hii. Hakuna anayejua kunifanya nisikike kama yeye."

Mjukuu wangu alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Hakulia. Ningependa kuwaambia kwamba machozi yalijaza ndoo, lakini hakulia. Alisema tu, "Amevuta pumzi kabla ya kusema 'nitakuja'. Pumzi moja tu." Basi. Urafiki wa dawati moja, na rafiki hakuhitaji pumzi mbili.

Mimi hasira zilinipanda hadi kwenye kilemba. "Mpandishe Tarumbeta mpaka awe radi! Huyo mwingine mshushe awe mbu! Mwekee na jogoo nyuma yake!"

"Siwezi kuweka jogoo, Bibi."

"Unaweza, hutaki."

Alikaa. Kwenye meza kulikuwa na kazi yake iliyokamilika, wawili wanaongea sawasawa kama watu waliolingana. Ilikuwa nzuri. Mnong'ono alikuwa mle mwenye busara, mkali inapobidi, kila swali linatua. Kazi hiyo ndiyo iliyokuwa imsafirishe hadi jengo la vioo. Na makubaliano yalikuwa kwamba Masikio ataituma kwa Tarumbeta moja kwa moja ikiwa tayari.

Hakuharibu kitu. Alifungua rekodi ya mwanzo, ile ambayo haijaguswa, jinsi kinasa sauti kilivyoisikia siku ile. Alikata mwisho tu, pale pa chumba, kile kinong'ono kisiende. Akaituma hivyo. "Nimempa sauti yake," alisema. "Akaishi nayo."

Nilimwandalia chakula. Hakula. Nikakila mimi, chakula hakina hatia.

Simu ya Tarumbeta ilikuja kesho yake. Masikio hakuwa na haja ya kuweka spika, hata aliyekuwa barabarani alifaidi.

"Fundi! Nimesikiliza! Safi sana!"

Masikio akaisogeza simu mbali na sikio. "Umesikiliza yote, Bosi?"

"Mwanzo mwisho! Mara mbili! Kila redio niliyokwenda wananibana sauti, wananishusha, nasikika kama naongea ndani ya pipa. Wewe umeniacha kama nilivyo! Mimi mwenyewe nilisisimka!"

"Na maswali?"

"Maswali gani?"

Tukatazamana. Jamani, mtu yule hakuwa amegundua! Alijisikiliza mara mbili akafurahi, na mahali Mnong'ono anapouliza yeye alidhani anapumzika.

"Aa, yule dada," akasema. "Yule tumwache. Nimewasikilizisha vijana wangu hapa wakaniuliza, 'Bosi, ulikuwa unaongea na nani?' Hasikiki yule. Nitaweka mtangazaji wangu. Nakutaka wewe. Njoo kesho."

Nilikuwa namwashiria kwa mikono yote miwili, sema ndiyo, sema ndiyo! Ningekuwa na miguu mizima ningempigia magoti. Jengo la vioo! Na yule msaliti abaki nje anachungulia!

Masikio akasema, "Bosi, juzi ulimwambia yeye aniache mimi."

Tarumbeta akacheka. "Biashara hiyo, fundi!"

"Sitakuja. Asante."

"Utajuta!"

"Pengine," akasema, akakata.

Nilimtukana. Nilimwita majina ambayo babu yake aliyasikia mara moja tu akahama chumba. Akanijibu taratibu, "Bibi, Tarumbeta amemuacha Mnong'ono kwa simu moja kama yeye alivyoniacha kwa pumzi moja. Nikienda, mimi nitakuwa wa tatu kumuacha mtu."

Mnong'ono alikuja jioni ile. Alisukuma godoro, akasimama mlangoni. Macho yamevimba. Mimi sikutoka, ni nyumba yangu.

"Umenifanya nini?" akasema.

"Sijakufanya kitu," Masikio akamjibu. "Ndiyo mara ya kwanza sijakufanya kitu."

"Wamenichezea ile rekodi pale mapokezi kwa Tarumbeta. Wanacheka. Mimi simo mle."

"Umo. Ndivyo ulivyo."

Kisha akabonyeza, na chumba kikasema. Tarumbeta anauliza, na Mnong'ono mwenyewe anajibu kwa sauti iliyosafishwa. Nitakuja. Ila usimwambie mpaka amalize hii. Alisikiliza sauti yake huku amejishika shingo.

"Ulinirekodi kwa siri."

"Nilisema narekodi chumba. Ulinisikia?"

Mnong'ono akaangalia chini, kisha akainua uso, na hasira zikampa kasauti. "Na wewe unajisikia? Kila mgeni anayeingia hapa unamwambia, 'Huyu bila mimi hasikiki.' Kila mgeni! Unacheka, nao wanacheka. Yule mkunga, ulimwambia. Mtengeneza meno, ulimwambia. Mimi nimeketi pale. Nilitaka siku moja niende mahali ambapo mashine inanipandisha na hainisimangi."

Nilimwona Masikio neno hilo linamwingia. Ni kweli alikuwa anasema hivyo, tulikuwa tunacheka sote, mimi nikiwa wa kwanza.

"Ungeniambia," akasema.

"Nilikuambia. Mara ngapi! Hukunisikia."

"Mimi?" Masikio akasimama. "Mimi sikukusikia? Mimi niliyesikiliza kila pumzi yako, kila mate unayomeza, nimeyatoa moja moja watu wasiyasikie? Ungepaza mara moja. Mara moja tu! Kwa Tarumbeta ulijibu upesi."

Jirani wa geti aliacha kugonga, mbea yule, anasikiliza. Mnong'ono akaegemea godoro. Midomo yake ikacheza, akasema kitu, maneno machache, kwa sauti ile ile aliyozaliwa nayo. Mimi nilinyoosha shingo hadi ikalia, sikupata hata herufi.

"Sikusikii," Masikio akasema.

Akarudia. Nikaona tu kidevu kinatetemeka.

"Sikusikii. Sema kwa nguvu."

Mnong'ono alivuta pumzi, akafungua mdomo, sauti ikakwama. Alingoja kidogo, labda atamwonea huruma, amsogelee kama alivyokuwa akimsogelea siku zote na maiki yake. Masikio alikaa kwenye kiti, akamgeuzia mgongo, akaanza kuvikunja vile vijiwaya vyake. Godoro likasukumwa, mlango ukafungwa.

Nikamwacha avikunje vyote. Halafu nikamwuliza, "Kweli hukumsikia?"

"Nilimsikia, Bibi. Mara zote mbili."

"Alisema nini?"

Alizima feni. Joto likaanza kupanda mle ndani, na yeye amekaa tu.

Hajaniambia mpaka leo. Nimempikia, nimejifanya naumwa, nimejifanya nakufa na nikaomba kulisikia kama neno la mwisho. Ananifunika shuka na kutoka. Kipindi kilikufa. Sasa anarekodi matangazo ya maduka, mtu mmoja mmoja, hakuna cha kusawazisha. Na Mnong'ono nikikutana naye sokoni ananisalimia kwa heshima zote, nami naitikia, ingawa kwa hakika sijui huwa anasema nini.